Umbea Usiingie Kwenye Faili la Mfanyakazi

Chukua mfano wa msimamizi wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Amechoshwa na mtunza stoo wake, basi anaiandikia ofisi ya utumishi ili maneno yake yawekwe kwenye faili: "Huyu dada siku hizi hana habari na kazi. Kila siku anachelewa, nasikia ana ugomvi na mumewe. Stoo ni vurugu tupu, wenzake wamemchoka, na mimi naona kuna vitu vinatoka kinyemela."

Huenda ana hoja, lakini karatasi hiyo haitamsaidia. Kwa sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004, mfanyakazi akiachishwa kazi na kulalamika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa halali na utaratibu ulifuatwa. Kanuni za mwaka 2007 zinauliza pia kama mfanyakazi alikijua kiwango kinachotakiwa na kama alipewa muda wa kujirekebisha. "Hana habari na kazi" halijibu hata swali moja kati ya hayo.

Kwa hiyo pitia sentensi moja moja, na kwa kila moja uliza: nani aliona, lini, na imeandikwa wapi?

"Kila siku anachelewa." Fungua daftari la mahudhurio. Ukikuta siku 5 kati ya 26, andika 5. Neno "kila siku" likishapingwa na daftari lako mwenyewe, hata zile siku 5 za kweli hazitaaminika.

"Nasikia ana ugomvi na mumewe." Futa yote. Si utendaji, hukushuhudia, na maisha ya ndoa ya mtu hayana nafasi humo. Kama kuna jambo la nyumbani linalogusa kazi, atalieleza mwenyewe akiulizwa, na hapo pia utaandika kile tu alichokubali kiandikwe.

"Wenzake wamemchoka." Tafuta tukio lililowachosha. Likikosekana, ondoa.

"Stoo ni vurugu" inapimika: hesabu bidhaa 10 na uzilinganishe na leja. Hapa ndipo lile la "kinyemela" linapopata jibu lake. Hesabu ikionyesha bidhaa moja imepungua na nyingine imezidi, huenda kasoro iko kwenye uandishi wa leja, kwa maana mwizi haongezi mali. Tuhuma ya wizi ni suala la nidhamu lenye uchunguzi wake. Ukiichomeka kwenye maelezo ya utendaji umemhukumu mtu bila kumsikiliza.

Kisha muite, msomee ulichokikuta, na umuulize sababu. Wengi huruka hatua hii, na ndiyo inayoweza kubadili maelezo yote. Baada ya hapo karatasi inaweza kusomeka hivi:

"Mei 2025 mtunza stoo alichelewa siku 5 kati ya 26 za kazi (tarehe 6, 9, 14, 20 na 27), kwa dakika 12 hadi 40, kwa mujibu wa daftari la mahudhurio. Kazi huanza saa 2:00 asubuhi. Tarehe 14 gari la mteja lilisubiri dakika 35 kwa sababu stoo ilikuwa imefungwa. Hesabu ya tarehe 30 ilionyesha bidhaa 3 kati ya 10 hazilingani na leja: misumari ya inchi 4 pungufu katoni 2, rangi nyeupe pungufu makopo 6, bawaba zimezidi pakiti 3. Alipoulizwa tarehe 2 Juni, alisema mizigo ya jioni hupokelewa na mlinzi na hati humfikia baada ya siku moja au mbili. Na kwamba siku 3 kati ya hizo 5 alikuwa amebaki usiku uliotangulia kushusha mzigo. Daftari la getini linathibitisha siku 2. Tumekubaliana: hati zimfikie kabla ya saa 3:00 asubuhi inayofuata, stoo ifunguliwe saa 2:00, bidhaa 10 zihesabiwe kila Ijumaa. Tathmini ni tarehe 4 Julai."

Angalia kwamba sehemu ya kosa imehamia kwenye utaratibu wa kupokea mizigo, jambo ambalo msimamizi hakulitaja kabisa.

Weka tarehe ya siku unayoandika, hata kama tukio ni la wiki tatu nyuma. Kurudisha tarehe nyuma ni kughushi. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya neno ili lisomeke bado, kisha utie saini pembeni. Mpe nakala, na umweleze kwamba saini yake ina maana amepokea, si kwamba amekubali. Akikataa kusaini usimlazimishe: andika "amesomewa, amekataa kusaini", pamoja na tarehe na saini ya shahidi aliyekuwepo.