Skana nzima, draiva imezeeka: maswali ya wasomaji

Fundi, skana yangu ni Canon LiDE 25. Nimenunua laptopu ya Windows 11, na CD yake haikubali hata nikichagua hali ya Windows XP. Niitupe? (Steshenari, Morogoro)

Usiitupe, skana ni nzima. Draiva ya Canon ya modeli hiyo ni ya biti 32, na Windows 11 haina toleo la biti 32. Ile hali ya XP huidanganya programu kuhusu toleo la Windows tu, haibadilishi biti. Wapo watakaokushauri uzime ukaguzi wa saini za draiva. Hapo pia utapoteza muda, kwa sababu tatizo si saini.

Ukitaka kubaki ndani ya Windows, VueScan inakuja na draiva yake yenyewe na inaitambua skana hii. Ni ya kulipia. Ijaribu kwanza bila malipo: picha zitatoka na alama juu yake, lakini utajua kama inafanya kazi kabla ya kutoa hela.

Njia ya bure ni Linux, ambayo watu wa mradi wa SANE waliiandikia skana hii draiva inayoitwa `plustek`. Si lazima ufute Windows. Weka Ubuntu kwenye flashi, washa laptopu kupitia flashi hiyo, chagua kuijaribu bila kuiingiza kwenye diski, unganisha intaneti, fungua Terminal, kisha andika:

```
sudo apt update
sudo apt install sane-utils
scanimage -L
```

Jibu likitaja `plustek` na jina la Canon, umemaliza kazi ngumu. Lisipotaja kitu, andika `sane-find-scanner`. Nayo isipoona skana, badilisha kebo au tundu la USB, maana LiDE haina adapta na umeme wake wote unapita kwenye kebo hiyo. Kisha skani ukurasa wa A4:

```
scanimage --mode Color --resolution 300 -x 210 -y 297 --format=png > hati.png
```

Hizo `-x` na `-y` ni milimita. Ukiziacha unaweza kupata kipande kidogo tu cha kona ya ukurasa, ukadhani skana imekufa. Faili ulihamishie kwenye flashi nyingine kabla ya kuzima, la sivyo litapotea.

Natumia Ubuntu na HP LaserJet 1020. Kompyuta inasema kazi imekamilika, karatasi haitoki. Wiki iliyopita ilikuwa inachapa! (Mwalimu, Kisumu)

Je, wiki hiyo ulisasisha mfumo? Printa hii haitunzi programu yake ya ndani. Kila ikiwashwa, kompyuta ndiyo huimiminia upya, na isipomiminiwa hukaa kimya na taa zake zikiwaka vizuri tu. Kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na kifurushi cha `hplip` pamoja na plagini ya HP inayopakuliwa peke yake. Toleo la plagini lazima lilingane na la `hplip`, kwa hiyo `hplip` ikipanda kwa masasisho, plagini inabaki nyuma.

```
hp-plugin -i
```

Kubali masharti, ngoja imalize, halafu zima printa na uiwashe.

Printa ya ofisi haina draiva ya Windows mpya, nikaweka ya jumla. Sasa inatema makaratasi yenye mstari mmoja mmoja wa alama za ajabu. (Mombasa)

Zima printa, futa foleni yote, kisha soma karatasi ya kwanza. Ikianza na `%!PS-Adobe`, kompyuta inatuma PostScript kwa printa isiyoijua lugha hiyo. Ondoa draiva hiyo uweke ya PCL. Lakini zile printa ndogo za aina ya 1020 hazijui PCL wala PostScript, na kwao draiva ya jumla haisaidii kabisa.

Kwenye tovuti ya kampuni nimepata zipu tu ya draiva ya printa, ndani hakuna setapu. Nabofya nini? (Mwanza)

Fungua zipu, tafuta faili linaloishia na `.inf`, ulifungue kwa Notepad na utafute neno `NTamd64`. Likiwepo, draiva ina sehemu ya biti 64, hata kama kompyuta yako ni ya Intel, jina lisikutishe. Lisipokuwepo, rudi kwenye jibu la Morogoro. Likiwepo, fungua Command Prompt kama msimamizi, ingia kwenye folda hiyo kwa `cd`, na uandike:

```
pnputil /add-driver *.inf /install
```

Kisha chomoa kebo ya printa na uichomeke tena. Na usikimbilie tovuti za watu baki zinazotoa "setapu kamili" ya draiva hiyo hiyo. Laptopu kadhaa nilizosafisha mwaka huu ziliugua huko.