Vipeo viwili vikilingana, usiiachilie r mapema

Wanafunzi ninaowafundisha Jumamosi huku Ngara huja na karatasi za mitihani iliyopita, zile za kutolewa kopi River Road, na karibu kila karatasi ina swali moja la kutatua mlinganyo wa derivativu kwa mfululizo kwenye nukta ya upekee. Vipeo vikitofautiana vizuri, wanamaliza bila shida. Vikilingana, wanapata jibu la kwanza, halafu kalamu inasimama. Ushauri wangu kwa swali hilo ni mmoja: r, yaani kile kipeo cha x kinachoanzisha mfululizo, ibaki herufi hadi mwisho. Sifuri au nambari nyingine yoyote usiiweke mahali pake kabla hujapata vizigeu vyote, yaani zile nambari zinazosimama mbele ya x, vikiwa bado na r ndani.

Tuchukue mlinganyo huu, mfupi lakini wenye kila kitu tunachohitaji:

```
x y'' + y' - y = 0
```

Ukigawanya kwa x, mbele ya y' kunabaki 1/x na mbele ya y kunabaki -1/x. Zote mbili zinalipuka x ikiwa sifuri, kwa hiyo pale kuna upekee. Lakini ukizidisha ya kwanza kwa x na ya pili kwa x², unapata 1 na -x, ambazo hazina tatizo lolote. Huo ndio upekee wa kawaida, na ndio unaoturuhusu kutafuta jibu la namna hii:

```
y = x^r (a0 + a1 x + a2 x^2 + ...)
```

Liweke kwenye mlinganyo. Kipeo cha chini kabisa ni x^(r-1), na mbele yake kuna a0 mara r(r-1) + r, yaani r². Mlinganyo wa vipeo basi ni r² = 0, na sifuri inatokea mara mbili. Vipeo vya juu vinatupa kanuni ya kupata kila kizigeu kutokana na kilichokitangulia:

```
(n + r)^2 a_n = a_(n-1)
```

Hapa ndipo haraka inapoharibu kazi. Mwanafunzi anaona r = 0, anaiandika mara moja, anapata a_n = 1/(n!)², na jibu la kwanza linatoka safi:

```
y1 = 1 + x + x^2/4 + x^3/36 + ...
```

Jibu hilo ni sahihi. Shida ni kwamba mlango wa jibu la pili ameufunga, kwa sababu kipeo cha pili ni kilekile na kitampa mfululizo uleule. Juzi msichana mmoja wa mwaka wa pili aliniuliza, “Mwalimu, hiyo logi inatoka wapi? Kwenye notisi imeandikwa tu kwamba jibu la pili lina ln x.” Ni swali zuri kuliko yote yaliyomo kwenye zile karatasi, na linastahili jibu kamili.

Rudi nyuma hatua moja, uache r kama ilivyo. Ukianza na a0 = 1, unapata

```
a_n(r) = 1 / [(r+1)(r+2)...(r+n)]^2
```

Sasa mfululizo wetu ni wa x na r kwa pamoja. Ukiupitisha upande wa kushoto wa mlinganyo, kila kitu kinafutika kwa sababu ya ile kanuni, isipokuwa kipande cha kwanza kabisa: kinabaki r² x^(r-1). Tazama hiyo r² kwa makini. Ukitafuta derivativu yake kwa r, ukiishika x kama nambari tuli, unapata 2r x^(r-1) + r² x^(r-1) ln x. Weka r = 0, vipande vyote viwili vinakufa. Maana yake ni kwamba si mfululizo peke yake unaotosheleza mlinganyo pale r = 0; derivativu yake kwa r inautosheleza pia. Hilo ndilo jibu la pili. Kama kipeo kingekuwa cha mara moja tu, kungekuwa na r badala ya r², derivativu yake ingeacha kitu nyuma, na mbinu hii isingefanya kazi. Njia hii ni ya Mjerumani Georg Frobenius, aliyeichapisha mwaka 1873.

Na logi? Derivativu ya x^r kwa r ni x^r ln x. Inatoka hapo tu, wala hakuna aliyeibandika. Kwa hiyo

```
y2 = y1 ln x + a1'(0) x + a2'(0) x^2 + ...
```

Kupata a_n'(0), usishike kanuni ya kugawanya, utachafua ukurasa mzima. Chukua logi ya a_n(r) kwanza: unapata -2 mara jumla ya ln(r+k), k ikitoka 1 hadi n. Derivativu ya hiyo ni -2 mara jumla ya 1/(r+k). Zidisha kwa a_n, weka r = 0:

```
a_n'(0) = -2 (1 + 1/2 + ... + 1/n) / (n!)^2

y2 = y1 ln x - 2x - (3/4)x^2 - (11/108)x^3 - ...
```

Usiliamini kabla hujalipima, na kulipima hakuchukui muda. Ukiweka y1 ln x kwenye mlinganyo, vipande vyenye logi vinaisha na kunabaki 2y1'. Basi ile sehemu isiyo na logi, tuiite w, lazima itosheleze x w'' + w' - w = -2y1'. Angalia kipande cha x: -3/2 kutoka x w'', -3/2 kutoka w', +2 kutoka -w, jumla -1. Upande wa kulia, y1' ni 1 + x/2 + ..., kwa hiyo -2y1' ina -1 mbele ya x. Vimelingana. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni ile 2 ya mraba kusahaulika wakati wa derivativu, na kipimo hiki kinalinasa papo hapo.

Mlinganyo huohuo wa w ndio wa kukimbilia pale a_n(r) inapokataa kuandikika kwa fomula moja. Hapo unatafuta vizigeu vya w kimoja kimoja, na kwa mfano wetu kanuni yake ni n² b_n = b_(n-1) - 2n a_n.

Kuna jambo moja linalowagombanisha wanafunzi wakilinganisha majibu. Mmoja ana jibu la hapo juu, mwenzake ameandika

```
y1 ln x + 3 + x - x^3/54 + ...
```

na kila mmoja anamwona mwenzake amepotea. Wote wako sawa. Huyu wa pili alianza w na 3 badala ya sifuri, na hiyo ni sawa na kuongeza 3y1: 3x ikikutana na -2x inabaki x, 3/4 inafuta -3/4, na 3/36 ukitoa 11/108 ni -1/54. Ukitaka kujua kama majibu mawili yanatofautiana kweli, yatoe moja kutoka kwa jingine uone kama kinachobaki ni y1 iliyozidishwa kwa nambari. Yote haya ni kwa x iliyo zaidi ya sifuri. Upande wa hasi, andika ln|x|. Na swali likisema jibu lazima libaki na kikomo pale x = 0, y2 inaondoka kwa sababu ya logi, unabaki na y1 peke yake.