Notisi ya kufuta usajili wa kodi ya ongezeko la thamani: anza na tarehe, kisha ndiyo ujibu sababu

Kazi yangu ni kutunza hesabu za wafanyabiashara wadogo, na barua ninayoletewa kwa haraka kuliko zote ni ile inayosema usajili wa kodi ya ongezeko la thamani unakusudiwa kufutwa. Mwenye biashara huwa ameshaisoma sababu na ameshakasirika. Anataka tukae papo hapo tuandike kwamba si kweli. Mimi huomba kwanza kuona tarehe.

Kuna tarehe tatu au nne ndani ya barua hiyo, na kila moja ina kazi yake. Ipo ya kuandikwa, ipo ya wewe kuipokea, ipo ya mwisho wa kujibu, na ipo ile ambayo wengi huipita bila kuiona: tarehe ambayo kufutwa kutaanza kuhesabiwa. Hiyo ya mwisho hukaa kwenye sentensi fupi karibu na sahihi, kwa mfano "usajili wako utachukuliwa kuwa umefutwa kuanzia tarehe 1 Julai". Notisi ikiandikwa Machi na kufuta kuanzia Julai ya mwaka uliopita, unaondolewa kwenye usajili na papo hapo biashara ya miezi minane iliyopita inahesabiwa kana kwamba ilifanywa na mtu asiyesajiliwa.

Nieleze hesabu yake, kwa sababu hapa ndipo mzigo ulipo. Tuseme katika miezi hiyo minane ulitoza wateja kodi ya jumla ya 400,000 kwenye ankara zako. Kwenye manunuzi yako nawe ulilipa kodi ya 340,000. Uliikata kwenye ritani, ukapeleka tofauti, yaani 60,000. Usajili ukifutwa kwa kurudi nyuma, ile 340,000 inakataliwa, kwa kuwa asiyesajiliwa hana haki ya kukata kodi ya manunuzi. Lakini ile 400,000 haifutiki pamoja nayo. Sheria nyingi za kodi hii zinasema aliyeandika kodi kwenye ankara na kuikusanya lazima aipeleke serikalini, awe amesajiliwa au hajasajiliwa. Kwa hiyo unadaiwa 340,000 zaidi, kisha adhabu na riba juu yake. Wanunuzi wako waliosajiliwa, waliokata kodi ya ankara zako, nao wataulizwa. Nimeona muuzaji akipoteza wateja wake wakubwa kwa jambo hilo tu, hata kabla shauri halijaamuliwa.

Kwa hiyo jibu zuri lina ngazi mbili. Ya kwanza inasema usajili usifutwe. Ya pili inasema kwamba hata ukifutwa, usifutwe kuanzia nyuma. Wengi huandika ya kwanza peke yake, na wakishindwa hapo hawana la kusimamia.

Nichukue shauri moja nililolifanyia kazi, nikiwa nimezibadili tarehe na namba kidogo. Mama mmoja muuza vifaa vya ujenzi alihamisha duka na stoo yake tarehe 15 Januari. Anwani kwenye usajili ikabaki ya zamani. Mkaguzi alifika tarehe 20 Februari, akakuta pamefungwa, akaandika kwamba biashara haipo. Notisi ikatoka tarehe 3 Machi, ikamfikia tarehe 9, ikimtaka ajibu ndani ya siku 14 tangu kuipokea. Kufutwa kulikusudiwa kuanza tarehe 1 Julai ya mwaka uliotangulia.

Jambo la kwanza tuliloshika ni bahasha. Siku zilihesabiwa tangu kupokea, basi tulihitaji uthibitisho wa siku ya kupokea: bahasha yenye muhuri na nakala ya daftari aliloweka sahihi. Notisi ikija kwa mfumo wa mtandao, piga picha ya ukurasa unaoonyesha siku ilipowekwa, maana huenda sheria yako ikahesabu tangu siku hiyo hata kama hukuifungua. Tukaisoma pia kujua kama ni kusudio au ni uamuzi. Neno "tunakusudia" au "toa sababu kwa nini" maana yake bado wanakusikiliza. Neno "umefutwa" maana yake uamuzi umeshatoka, na hapo hati inayotakiwa ni pingamizi au ombi la kurejeshewa usajili, yenye muda wake na mara nyingi fomu yake. Ukipeleka barua ya kawaida ya majibu wakati uamuzi umeshatoka, inaweza kukaa kwenye jalada bila kusomwa huku muda wa pingamizi unakwisha.

Jambo la pili, kabla ya kuandika mstari wowote, tulipeleka ombi la kubadili anwani kwenye usajili na kupata uthibitisho wa kupokelewa. Mpangilio huu una maana. Kutotoa taarifa ya kuhama ni kosa, na ofisa anayesoma jibu lako analijua kosa hilo. Ukikana, unamfanya asikuamini hata kwenye yaliyo kweli. Ukilikiri kwa sentensi moja na kuambatisha ombi lililokwisha kupokelewa, kosa linabaki kuwa la kuchelewa kutoa taarifa, ambalo lina adhabu yake, na sababu ya kusema biashara haipo inaondoka.

Kisha ushahidi. Watu hupenda kuambatisha cheti cha usajili, leseni na picha ya duka. Cheti wanacho wao wenyewe, na picha haina tarehe. Kinachothibitisha kwamba biashara ilikuwa hai ni karatasi zilizotengenezwa na watu wengine, siku ileile, kwa shughuli zao. Tulikusanya risiti za pango la zamani hadi katikati ya Januari, mkataba wa pango jipya, bili ya umeme ya pale papya kwa mwezi wa Februari, hati za kupokea mzigo zilizosainiwa na madereva wa wauzaji wa jumla zikionyesha mahali pa kushushia, na taarifa ya benki yenye malipo ya wateja wiki ileile ya ukaguzi. Juu yake tukaweka uthibitisho wa ritani zilizowasilishwa kila mwezi tangu Julai. Kila karatasi ikapewa alama, Kiambatisho A, B na kuendelea, na barua ikaitaja kwa alama hiyo. Ofisa mwenye majalada mengi hatatafuta kwenye rundo.

Ndipo tukaandika. Mwili wa barua haukuzidi ukurasa mmoja na nusu, na sehemu yake yenye uzito ilikuwa hivi:

"YAH: MAJIBU YA NOTISI YA KUSUDIO LA KUFUTA USAJILI

Notisi yenu ya tarehe 3 Machi ilinifikia tarehe 9 Machi (Kiambatisho A). Sababu iliyotolewa ni kwamba biashara haikukutwa kwenye anwani iliyosajiliwa tarehe 20 Februari. Ni kweli kwamba siku hiyo sikuwapo pale, kwa kuwa nilihamia anwani mpya tarehe 15 Januari (Kiambatisho B). Nilichelewa kutoa taarifa ya kuhama, na sasa nimeiwasilisha (Kiambatisho C). Biashara haikusimama wakati wowote, kama zinavyoonyesha hati za mizigo na taarifa ya benki (Viambatisho D na E).

Naomba usajili wangu usifutwe, na anwani irekebishwe. Endapo mtaona vinginevyo, naomba kufutwa kusianze kabla ya tarehe ya uamuzi wenu. Ukaguzi wa tarehe 20 Februari hauonyeshi lolote kuhusu kipindi cha kuanzia Julai hadi nilipohama, ambacho nilikuwa kwenye anwani iliyosajiliwa na niliwasilisha ritani zote (Viambatisho F na G).

Naomba pia kusikilizwa ana kwa ana kabla ya uamuzi, na uamuzi utolewe kwa maandishi pamoja na sababu zake."

Aya ya pili ya barua hiyo ndiyo iliyobeba shauri. Mkaguzi aliona mlango uliofungwa siku moja ya Februari. Kutoka hapo hakuna njia ya kufika Julai bila ushahidi mwingine, na notisi haikuutaja. Ukipewa notisi ya kurudi nyuma, uliza daima: ni jambo gani lililotokea siku hiyo ya nyuma? Mara nyingi ni mwanzo wa mwaka wa hesabu tu, au siku ya ritani ya mwisho ambayo mfumo unaiona. Kama ni hiyo ya ritani, mambo yanabadilika: kwanza wasilisha ritani zinazokosekana, hata za sifuri, ulipe unachodaiwa au uombe kulipa kwa awamu, kisha ujibu. Jibu linaloahidi kuwasilisha baadaye halina nguvu.

Wakati unasubiri, usijifute mwenyewe. Kama bado ni kusudio, usajili ungali hai: endelea kutoa ankara za kodi na kupeleka ritani kwa wakati. Wapo wanaoacha kutoza kodi kwa hofu, na mwezi ule mtupu unakuwa ushahidi kwamba biashara ilikoma. Lakini uamuzi wa kufuta ukitoka na haujasimamishwa, acha mara moja kuandika kodi kwenye ankara, maana kuitoza bila usajili ni kosa linalosimama lenyewe.

Si kila notisi inastahili kupingwa. Kama mauzo yako yameshuka chini ya kiwango kinacholazimisha usajili na wateja wako karibu wote ni walaji wa mwisho, kufutwa kunaweza kukupunguzia kazi. Hapo andika kukubali, lakini bado bishania tarehe, na fanya hesabu ya bidhaa zilizomo dukani siku hiyo. Kwa sheria nyingi, bidhaa ulizokata kodi yake wakati wa kuzinunua huhesabiwa kana kwamba umezitoa siku ya kufutwa, na kodi yake hulipwa kwenye ritani ya mwisho. Mwenye stoo iliyojaa afadhali aombe tarehe ya mbele kidogo, mzigo ukiwa umepungua.

Yule mama alibaki na usajili wake, anwani ikarekebishwa, akatozwa adhabu ya kuchelewa kutoa taarifa na akailipa. Hata hivyo jina lake liliendelea kuonekana kuwa limesimamishwa kwenye orodha ya mtandao ambayo wanunuzi hukagulia, kwa sababu uamuzi wa ofisini haukuwa umeingizwa kwenye mfumo. Ilibidi turudi na nakala ya uamuzi hadi hali ikabadilishwa. Kwa hiyo ukishapata barua ya kushinda, tafuta namba yako kwenye orodha hiyo mwenyewe, uone inavyosomeka, kabla ya kumtumia mteja ankara inayofuata.