Jibu likikatika kwenye jedwali, rudi nyuma mstari mmoja

"Ripoti ya michango ya chama chetu hapa Umoja inakatikia katikati. Nikiiambia modeli iendelee, inaanza upya na jumla zinabadilika. Nifanyeje?"

Dada, anza na `finish_reason`, sehemu ya jibu la API inayosema kwa nini modeli imeacha kuandika. Ikisoma `length`, umegonga kikomo cha `max_tokens`, yaani urefu wa jibu ulioruhusiwa. Kwa hiyo si bando la intaneti lililoisha, kama wengine wanavyodhani. Mtandao ukikatika, alama hiyo haifiki kabisa. Kuongeza kikomo kunasaidia nusu tu, maana ripoti ndefu zaidi itakatika tena.

Jumla zinabadilika kwa sababu unatuma neno "endelea" pekee. Modeli haikumbuki ombi lililopita. Tuma tena swali la kwanza na orodha yote ya michango, kisha kipande ulichopata kama ujumbe wa `assistant`, yaani wa modeli yenyewe, ndipo uombe mwendelezo.

Kabla ya kutuma, kata mkia. Tuseme mstari wa mwisho ni huu:

```
| 41 | Machi | 3,5
```

Hiyo ni 3,500 au 3,550? Modeli itakisia. Ufute mstari wote, uishie wa 40, halafu andika: "Endelea kuanzia mwanachama wa 41. Usirudie kichwa cha jedwali wala utangulizi."

Ukiunganisha, angalia kama mstari wa 40 umejitokeza mara mbili. Hutokea hata ukikataza. Jumla yenyewe ningeipiga kwa msimbo wa programu, nisiiachie modeli. Kwa maelezo marefu yasiyo na namba za mistari, bado sijapata njia ninayoiamini hivyo.