Baki dogo, jibu bovu: kusahihisha suluhisho la Ax = b kwa float64 wakati LU iko kwenye float32

Swali: Natatua Ax = b yenye n = 5000 kwa NumPy. Ili kuokoa muda na kumbukumbu nimegeuza kila kitu kuwa float32. Nikasoma kwamba ukikokotoa r = b - Ax, ukatatua Ad = r, kisha ukajumlisha x + d, jibu linaboreka. Nimerudia mara tano, lakini jibu linayumba tu kwenye tarakimu ya nne, na mara nyingine linazidi kuharibika. `np.linalg.cond` inanipa kama 20,000. Nakosea wapi, na naweza kufikia tarakimu ngapi sahihi?

Jibu: Hatua zako ziko sawa isipokuwa moja: r umeikokotoa kwa float32. Hapo ndipo kazi yote inapoharibikia.

Ukishapata x ya kwanza, Ax na b zinakaribiana sana. Ukizitoa, tarakimu za mbele zinafutana, na kinachobaki kinatoka kwenye tarakimu za mwisho kabisa. Tarakimu hizo ndizo ambazo float32 ilikwishazitupa ilipokuwa ikizidisha na kujumlisha Ax. Kwa hiyo unachokiita baki ni makosa ya makadirio matupu, na d inayotokana nayo inakusukuma popote.

Tuone kwa hesabu ndogo ya mkono. Chukua mashine inayobeba tarakimu 3 tu, ikikadiria baada ya kila tendo:

```
7.31 x1 + 5.31 x2 = 1.00
4.19 x1 + 3.25 x2 = 2.00
```

Jibu halisi ni x1 = -4.8853 na x2 = 6.9137. Katika tarakimu 3, kizidishi cha kuondolea ni 4.19/7.31 = 0.573. Namba inayobaki kwenye mstari wa pili ni 3.25 - 3.04 = 0.210, ilhali thamani yake halisi ni 0.2064. Ukimalizia hesabu unapata x = (-4.82, 6.81). Kosa ni zaidi kidogo ya asilimia 1.

Sasa baki. Kwa tarakimu 3 zilezile, mstari wa kwanza unatoa -35.2 + 36.2 = 1.00, kwa hiyo r1 = 0. Mstari wa pili unatoa -20.2 + 22.1 = 1.90, kwa hiyo r2 = 0.10. Ukitatua kwa LU uliyo nayo, d = (-0.346, 0.476), na x mpya ni (-5.17, 7.29). Kosa limepanda hadi takriban asilimia 6. Ndilo jambo unaloliona kwenye kompyuta yako.

Rudia hatua hiyohiyo, ila zamu hii beba tarakimu 6 wakati wa kukokotoa r peke yake. Mstari wa kwanza: -35.2342 + 36.1611 = 0.9269, hivyo r1 = 0.0731. Mstari wa pili: -20.1958 + 22.1325 = 1.9367, hivyo r2 = 0.0633. Linganisha na (0, 0.10) ya awali: hakuna tarakimu hata moja inayofanana. Rudi kwenye tarakimu 3, tumia LU ileile yenye kasoro, na d inakuwa (-0.0642, 0.102). Ukijumlisha unapata (-4.88, 6.91). Mzunguko wa pili unatoa d = (-0.00540, 0.00381), na x inatulia kwenye (-4.89, 6.91), ambalo ni jibu halisi lililokadiriwa hadi tarakimu 3. Zaidi ya hapo mashine hii haina pa kuliandika.

LU haikuguswa. Bado ina 0.210 mahali pa 0.2064, na d tunayoipata nayo ina kosa la asilimia chache. Hilo halidhuru, kwa sababu asilimia chache ya sahihisho dogo ni kitu kidogo zaidi. Kinachotakiwa kuwa sahihi ni r, maana yeye pekee ndiye anayejua umbali uliobaki hadi jibu.

Kwenye kesi yako, weka mambo hivi: mchanganuo wa LU na utatuzi wa d vifanyike kwa float32, A na b za asili, x, na r vibaki float64.

```python
import numpy as np
from scipy.linalg import lu_factor, lu_solve

f4, f8 = np.float32, np.float64
lu = lu_factor(A.astype(f4))
x = lu_solve(lu, b.astype(f4)).astype(f8)
prev = np.inf
for k in range(30):
    r = b - A @ x
    s = np.abs(r).max()
    if s == 0:
        break
    d = s * lu_solve(lu, (r / s).astype(f4)).astype(f8)
    nd = np.abs(d).max()
    print(k, nd)
    if nd > 0.5 * prev:
        break
    x += d
    prev = nd
```

Kuna makosa mawili hapa ambayo hayatoi onyo lolote. La kwanza ni kuandika `(b32 - A32 @ x32).astype(f8)`. Hapo hesabu imekwishafanyika kwa float32, na kuigeuza baadaye ni kuongeza sifuri nyuma ya takataka. La pili ni kugeuza A kuwa float32, kufuta ile ya asili, kisha kuirudisha float64 kwa ajili ya r. Mizunguko itakwenda vizuri na d itapungua kama inavyotakiwa, lakini utafika kwenye jibu la matriksi nyingine, ile iliyokwishakatwa. Kwa κ, yaani ile namba ya `np.linalg.cond`, ya 20,000, jibu hilo linaweza kutofautiana na la kwako kuanzia tarakimu ya tatu au ya nne, na programu haitakuambia.

Ile `r / s` inazuia r ndogo mno isigeuke sifuri inapoingia float32. Kwa kawaida hutaihitaji, ila ukihamia float16 haikwepeki.

Kuhusu gharama, mchanganuo wa LU unachukua takriban 2n³/3 za matendo, na mzunguko mmoja wa kusahihisha unachukua kama 4n². Kwa n = 5000 hiyo ni sehemu moja kati ya 800 hivi, kwa hiyo mizunguko minne au mitano haisikiki. Upande wa kumbukumbu, hata hivyo, hesabu yako haitoki: A ya float64 ni MB 200 na LU ya float32 ni MB 100, na zote mbili lazima ziwepo. LU ya float64 inayoandikwa juu ya A yenyewe ingetumia MB 200 tu. Njia hii inaokoa muda. Usiitegemee kuokoa kumbukumbu.

Sasa tarakimu ngapi. Kila mzunguko unapunguza kosa kwa kiasi cha takriban κ mara 6×10⁻⁸, ambacho ni kosa la makadirio la float32. Kwako ni kama 10⁻³, yaani tarakimu tatu hivi kila mzunguko, na mara nyingi hali halisi huwa nzuri kidogo kuliko hapo. κ ikikaribia 10⁷ kiasi hicho kinafika 1, na njia inakwama: d haipungui, au inakua. Hapo hakuna ujanja wa kuongeza mizunguko. Fanya LU kwa float64. Programu ya `dsgesv` ya LAPACK inafanya hivyo yenyewe: ikishindwa kufika ndani ya mizunguko 30 inarudi kwenye float64, na `ITER` yake inakuwa namba hasi. Watu wengi hawaisomi `ITER`, kisha wanashangaa kwa nini programu "ya kasi" imechelewa kuliko ya kawaida.

Dari la usahihi ni jambo jingine, na halitegemei LU. Linategemea r imekokotolewa kwa tarakimu ngapi. Kwa r ya float64, kosa la mwisho ni takriban κ mara 10⁻¹⁶, kwako 2×10⁻¹². Basi tegemea tarakimu 11 au 12, sawa na ungezipata kwa kutatua kila kitu kwa float64. Ukitaka 16 kamili, r lazima ipande ngazi nyingine juu ya float64. `np.longdouble` husaidia kwenye Linux ya x86, ambako ina biti 64 za tarakimu badala ya 53, kwa hiyo unapata kama tarakimu tatu za ziada. Kwenye Windows na kwenye Mac za chipu za Apple jina hilo linamaanisha float64 ileile, na hutaona badiliko lolote.

Kama x yako ingebaki float32, tarakimu 7 zingekuwa mwisho, lakini ungezipata zote. Tena A na x zikiwa za float32, kila zao moja lina biti 48 zisizozidi, nalo linaenea lote ndani ya float64 bila kukatwa. Ndiyo maana kupandisha tarakimu mara mbili kunatosha. Mwanahisabati J. H. Wilkinson alikuwa ameliona hilo tangu 1948, alipoandaa programu ya kompyuta ya ACE kule Uingereza.

Je, kukokotoa r kwa usahihi uleule hakufai kabisa? Kuna pale kunakofaa. Robert Skeel alionyesha mwaka 1980 kwamba mzunguko mmoja wa namna hiyo unaweza kuponya kasoro zinazotokana na njia ya utatuzi yenyewe. Makosa yanayokuzwa na κ hauyagusi, na shida yako ni hiyo.

Usipime maendeleo kwa ukubwa wa r. Kwenye mfano wetu, (-4.88, 6.91) ina baki lisilozidi 0.0193, wakati jibu bora zaidi la mashine hiyo, (-4.89, 6.91), lina 0.0538. Tazama d: ilishuka kutoka 0.102 hadi 0.0054, na ukizungusha mara nyingine inakuja 0.0046, ikiwa imekwama. Mkwamo huo ni dari, kwa kuwa x iliyokadiriwa hadi mia moja ya kizio haiwezi kupokea sahihisho lililo chini ya 0.005. Kwenye programu yako utaona `nd` ikishuka mara elfu au zaidi kila mstari, kisha ghafla isimame. Ikisimama karibu na 10⁻¹² ya ukubwa wa x, umefika. Ikisimama kwenye 10⁻³, kagua kwanza kama `(A @ x).dtype` kweli ni float64, na kama ni float64, shuku κ.

Mwisho, tarakimu 12 hizo ni za A na b kama zilivyoandikwa kwenye kumbukumbu. Kama namba za A zilitoka kwenye kipimo chenye tarakimu 5 za kuaminika, κ ya 20,000 imekwishakula zaidi ya nne kati yake kabla hujaanza, na kusahihisha x hakutazirudisha.