Herufi, tarehe na namba katika fomu ya IELTS: mahali sikio la Kiswahili linapokosea

Sehemu ya kwanza ya mtihani wa kusikiliza wa IELTS ina maswali 10, na mara nyingi inakuletea fomu yenye nafasi zilizoachwa wazi, ambayo unaijaza huku ukisikiliza mazungumzo ya watu wawili kuhusu jambo la kawaida kama vile kukodi chumba au kujiunga na maktaba. Rekodi inachezwa mara moja tu. Watu wengi wanaiona sehemu hii kuwa rahisi, nami nakubali kwamba msamiati wake ni rahisi, lakini kwa miaka niliyofundisha darasa la jioni la maandalizi ya mtihani huu nimeona watahiniwa wenye Kiingereza kizuri wakipoteza hapa alama tatu au nne, kwa makosa yanayofanana sana. Makosa hayo hayatokani na kutojua Kiingereza. Chanzo chake ni kwamba tunasikiliza sauti za Kiingereza kwa sikio lililolelewa na Kiswahili.

Tuanze na majina yanayotajwa herufi kwa herufi, kwa sababu hapo ndipo penye shida kubwa zaidi. Katika Kiswahili irabu inaitwa kama inavyosomeka, lakini Mwingereza akitaja A unasikia "ei", akitaja E unasikia "ii", na akitaja I unasikia "ai". Mkono ulioshika penseli hausubiri kufikiri: ukisikia "ii" unaandika I, ukisikia "ei" unaandika E. Mtego ulio mbaya kuliko yote ni herufi R, ambayo kwa matamshi ya Kiingereza cha Uingereza inasikika "aa" bila mtetemo wowote wa ulimi, yaani sawasawa na irabu yetu ya kwanza.

Katika zoezi moja nililolitunga mwenyewe, mteja anapiga simu kukodi baiskeli, na jina lake la ukoo ni Reilley. Rekodi inasema: "aa, ii, ai, dabo el, ii, wai." Zaidi ya nusu ya darasa waliandika A mwanzoni, na mmoja wao, ambaye kwa kuzungumza alikuwa miongoni mwa wale bora kabisa, aliandika AIALLIY. Kila herufi aliyokosea ilikuwa na sababu ileile: aliandika kile ambacho sauti hiyo ingekuwa katika Kiswahili. Wengine waliposikia "dabo el" waliandika W na L, kwa kuwa neno "dabo" liliwakumbusha "dabliu", ilhali maana yake ni L mbili zinazofuatana. Katika mtihani, jina lililokosewa herufi moja halipewi alama.

Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuzipanga herufi kwa sauti zake badala ya mpangilio wa alfabeti. A, H, J na K zina sauti ya "ei" ndani yake. B, C, D, E, G, P, T na V zote zinaishia na "ii". I na Y zina "ai", na R inabaki peke yake na "aa". Ukizisoma kwa makundi hayo kila siku kwa wiki mbili, utagundua kwamba G na J, zinazowachanganya wengi, zinatofautiana kama "jii" na "jei", na kwamba huhitaji tena kufikiri. Mazoezi yanapatikana hata barabarani. Namba za magari ya Tanzania zina tarakimu tatu na herufi tatu baada ya T, kwa hiyo mtu aliyekaa dirishani kwenye daladala anaweza kumsomea mwenzake kwa Kiingereza namba za magari yanayopita, naye mwenzake akaziandika bila kutazama nje. Zoezi hili halitamaliza tatizo la M na N, wala la F na S, ambazo hata wenyeji wa lugha huzichanganya kwenye simu. Kwa hizo, sikiliza kama msemaji ataongeza neno la kufafanua, kwa mfano "em kama Meri".

Kuhusu tarehe, wengi wanafundishwa kutofautisha 13 na 30 kwa mkazo: "tha-TIIN" unakaza mwisho, "THA-ti" unakaza mwanzo. Kanuni hiyo ni ya kweli namba inaposimama peke yake, lakini namba ikifuatwa na neno jingine mkazo huweza kurudi mwanzoni, na kwa sisi tuliozoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, yote mawili yanasikika kama 30. Katika tarehe kuna alama iliyo imara zaidi. Tarehe 13 ina silabi mbili na ina sauti ya N kabla ya mwisho, "tha-tiinth", ilhali tarehe 30 ina silabi tatu, "tha-ti-eth". Hesabu silabi, kisha isake ile N.

Fomu yenyewe pia inakusaidia, ukiisoma katika muda mfupi unaopewa kabla ya mazungumzo kuanza. Katika fomu ile ya baiskeli, tarehe ya kurudisha ilikuwa imeshachapishwa kuwa 20 Agosti, na iliyotakiwa ni tarehe ya kuchukua. Waliojaza 30 Agosti walikuwa wamemrudishia mwenye duka baiskeli kabla ya kuikodi.

Saa nayo ina hatari inayotuhusu sisi hasa. Mteja yule alisema atafika robo kabla ya saa tisa ya Kizungu. Mwanafunzi mmoja alielewa vizuri kabisa, akatafsiri kichwani kuwa saa tatu kasorobo asubuhi, kisha akaandika 2.45. Jibu lilikuwa 8.45. Usiitafsiri saa hata kidogo. Andika tarakimu unazozisikia na uziache hapo.

Namba ya simu ya mteja ilitajwa hivi: "ou, dabo seven, dabo ou, nain, dabo ou, dabo foo, thrii." Sifuri huitwa "ou", na "dabo" inahusu tarakimu moja tu inayofuata, kwa hiyo jibu ni 07700900443. Namba za simu za mkononi za Uingereza zina tarakimu 11 na huanza na 07, hivyo ukihesabu ukapata 10, kuna "dabo" moja uliyoiandika kama tarakimu moja. Usikimbilie pia kufunga jibu msemaji anapomaliza. Mara nyingi mtu wa upande wa pili hurudia namba kimakosa, naye mteja akamsahihisha, au mteja mwenyewe hubadili tarakimu ya mwisho. Andika la kwanza kwa wepesi, na ukisikia masahihisho likate uandike jipya pembeni.

Wanaofanya mtihani wa karatasi hupewa dakika 10 za kuhamisha majibu. Wanaofanya kwa kompyuta hupata dakika 2 tu za kukagua. Kwa dakika hizo 2, anza na jina: lisome kwa sauti ya Kiingereza moyoni, na popote ulipoandika A au I, jiulize kama ulichosikia kilikuwa "ei" na "ai", au kilikuwa "aa" na "ii".