Dada mwenye vitiligo kwenye bango

"Natengeneza bango la saluni Kariakoo kwa programu ya kuzalisha picha. Nikiandika 'mwanamke mwenye vitiligo' napata ngozi laini tupu, au madoa yametapakaa kama ya chui. Nakosea wapi?"

Ndugu, jina la hali peke yake halitoshi. Taja mabaka yalipo, yanavyokaa na kingo zake. Vitiligo mara nyingi hukaa pande zote mbili kwa kulingana: kuzunguka macho, pembeni mwa mdomo, kwenye vidole. Ukingo huonekana wazi, lakini umejipinda kama pwani ya ramani. Ndani rangi imepotea, ila vitundu vya ngozi na mikunjo vimebaki vilevile. Nyusi inayopita juu ya baka inaweza kuwa nyeupe; itaje.

Andika hivi:

```
woman, dark brown skin, vitiligo, matching pale patches around both eyes and mouth, irregular clear edges, visible pores
```

Ondoa "flawless" na "smooth skin", maana zinaweza kufuta mabaka. Usiandike "kasoro" wala "anaugua vitiligo". Ni mwenye vitiligo, basi.

Kama unatumia Stable Diffusion na ina chaguo la "Restore faces", lizime. Huujenga uso upya na linaweza kufifisha mabaka. Ukianzia picha halisi (kwa ridhaa ya mwenye picha, jamani), weka "Denoising strength", yaani kiasi cha kubadilisha picha, karibu 0.3. Ikipanda sana, mabaka yanahama. Kisha kuza picha zote mbili, ya asili na iliyozalishwa, ufuatishe ukingo wa baka moja, tuseme la jicho la kushoto. Ukikuta umekuwa ukungu au duara safi, rudia.